Mstari wa Mwisho wa Kazi ya Opereta

Mpaka leo simu ikilia nyumbani kwangu, mimi siinyanyui. Wanangu wananicheka, wanasema mama anaogopa kengele. Waacheni wacheke. Zamani nilikuwa karani wa waajiriwa katika ofisi ya simu Moroni, na kuna mstari mmoja nilioupiga chapa kwa vidole vyangu hivi.

Mimi mzaliwa wa Unguja, nilihamia Moroni, visiwani kwao baba, nikiwa mtu mzima na Kifaransa changu cha kuokoteza. Kazi yangu ilikuwa kuandika karatasi za nafasi: mtu atafanya nini, awe na sifa gani, awajibike kwa nani. Nilikuwa na moja ya zamani ya kunakilia, na mwisho wake palikuwa na maneno haya: "na kazi nyingine yoyote atakayoagizwa na wakubwa." Sikuwahi kujiuliza wakubwa ni nani. Nilinakili tu, nikaweka herufi za jina langu chini, nikaenda zangu kula.

Karatasi hiyo alipewa kijana wa Mirontsy aliyeajiriwa opereta wa bodi ya simu Mutsamudu, kisiwani Ndzuani. Alikuwa mcheshi. Akiniunganisha na ofisi ya Mutsamudu huniuliza kama nimeshapata mchumba au aendelee kunitafutia.

Mwaka wa pili walikuja wazungu wenye sare nyeusi, wale askari wa kukodiwa ambao kila wakipita tulishusha sauti. Walimtaka awe anasikiliza wateja na kuandika wanayosema. Akasema hiyo si kazi yake. Mkuu wa ofisi ya Mutsamudu, kwa woga wake, akaifungua karatasi na kumwekea kidole kwenye mstari wa mwisho. Wakubwa ndio hawa, akamwambia. Kijana akasikiliza wiki tatu, akaandika. Kisha mwenye duka mmoja akachukuliwa kwa maneno aliyomwambia shemeji yake kwenye simu. Siku ya pili yake kijana akagoma, naye akachukuliwa. Alirudi baada ya miezi akiwa na mkono usiokunjuka, na hakurudi kazini. Watu walisema hazungumzi tena. Kama kaondoka na kaacha kivuli chake barazani.

Niliyasikia hayo yote ofisini, kipande kipande, kwa minong'ono. Nikaenda kwenye kabati, nikatoa nakala. Herufi zangu zilikuwepo pale chini, safi kabisa. 

Mkuu wangu wa Moroni akaniambia niandike upya, nafasi ijazwe haraka. Akanitajia anachotaka: mwanamume, mzaliwa wa Ndzuani, wa ukoo wenye heshima, mchangamfu, mwaminifu. Na ule mstari wa mwisho usisahau, akasema, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo niliipenda tangu utoto. Siku ile ilinichukiza.

Nikaomba niende Mutsamudu nikaione kazi kwa macho. Alishangaa, karani gani anasafiri kwa ajili ya karatasi, lakini akanipa ruhusa.

Pale kwenye bodi ya simu nilimkuta mwanamke anayeshikilia nafasi kwa muda, wa wale waliokimbia mji wa Majunga, ng'ambo, baada ya watu wa visiwa vyetu kuuawa kule. Mumewe aliuawa kule, nyumba ikaungua na vyeti vyake ndani. Alikuwa na watoto wanne, na kazi ile ya muda ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Nilijua pale pale kwamba karatasi ya mkuu wangu ingemtoa mlangoni kwa neno la kwanza. Na kama ingemwacha, mstari wa mwisho ungemmaliza.

Nikakaa naye siku mbili, nikaandika vile mikono yake inavyofanya, si vile mtu anavyopaswa kuwa. Taa inawaka, anajibu, anauliza namba. Anachomeka waya, anapiga kengele, anasikiliza kidogo tu kuhakikisha wawili wamepatana, anafunga swichi yake na kutoka. Anaandika saa ya kuanza na ya kumaliza. Mstari ukikatika anamwarifu fundi. Ati mchangamfu! Kuna waya gani unaouliza uchangamfu?

"Dada," aliniuliza siku ya pili, "hiki kiti kina kitu? Nikikaa nahisi mtu nyuma yangu."

Nilimwambia hakuna kitu. Niliongopa, maana mimi pia nilikuwa nikigeuka.

Nikarudi Moroni nikaandika. Mwanamume nikafuta, mahali pake nikaweka kwenye majukumu: zamu mbili za usiku kila wiki, anayeziweza aombe. Mzaliwa wa Ndzuani nikafuta, nikaandika aelewane na wateja kwa lugha ya Ndzuani na kwa Kifaransa. Ukoo nikaufuta, sikuweka kitu. Nikaandika awe na cheti cha shule ya msingi, au afaulu jaribio la kusoma, kuandika na kunakili namba mbele ya mkuu. Penye mwaminifu nikaandika kitendo: hasikilizi mazungumzo baada ya kuunganisha, wala hayaandiki, wala hayasimulii. Anawajibika kwa mkuu wa ofisi ya Mutsamudu peke yake. Na mwisho kabisa: agizo lolote lisilomo humu litaandikwa na kutiwa saini na mkuu huyo kabla halijatekelezwa.

Mkuu wangu akasoma, uso ukamkunjika. Akachukua kalamu akate huo mwisho. Lakini nina ulimi mbaya mimi, siku zote ninao.

"Kata, bwana," nikamwambia. "Rudisha ule wa zamani. Ila chini yake uweke jina lako, herufi zangu haziingii tena."

Akaisogeza kalamu kwenye nafasi ya jina lake chini ya mstari ule, akaiondoa. Halafu akatia saini karatasi kama ilivyo, hakunitazama, na hakunisalimia mwezi mzima.

Wakaomba watu sita, wakafanya jaribio lile lile, yule mama wa Majunga akashinda. Haikupita miezi miwili mmoja wa wale wazungu akaingia na daftari lake. Mama alinisimulia mwenyewe: alitoa karatasi, akamwomba agizo liandikwe na mkuu atie saini. Mzungu akaenda kwa mkuu. Mkuu akaitazama kalamu, akasema wino umekwisha. Kwa maneno angempa chochote. Jina lake juu ya karatasi hakulitoa. Mzungu akangoja, akatukana, akaondoka. Mama akabaki kwenye kiti chake mpaka alipostaafu.

Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi hata nikajiona mtu. Nikapanda tena chombo kwenda Ndzuani, nikafika Mirontsy kwa yule kijana na nakala mkononi. Nilitaka ajue kwamba yaliyompata hayatampata mwingine. Mama yake alinikaribisha, akanionya nisitarajie jibu.

Alikuwa amekaa ukutani. Nikamwambia mimi ndiye wa Moroni, yule wa mchumba. Akaipokea nakala kwa mkono mzima, akaiweka pajani. Alisoma polepole, jukumu baada ya jukumu, sifa, anawajibika kwa nani. Alipofika mwisho akarudi akausoma tena. Kisha akazigusa herufi zangu kwa kidole.

"Kumbe ulikuwa unajua kuandika hivi," alisema.

Mama yake aliangua kilio kwa kuisikia sauti ile. Tangu siku ile, kila simu inapolia, sauti hiyo ndiyo ninayoisikia.