Heshima ya Kaka

Shangazi anatufundisha sisi wanafunzi wapya njia ya Sokrate: humbishii mtu, unamuuliza tu, hatua kwa hatua, mpaka majibu yake mwenyewe yagongane. Jana alimwita mbele kaka yake, yaani baba yangu aliyenisindikiza darasani, ambaye aliwahi kumfukuza nyumbani eti hana heshima.

“Kaka, heshima ni nini?”

“Kumtii mkubwa.”

“Mkubwa hukosea?”

“Si binadamu?”

“Akikuamuru umtukane mama, utatii?”

“Siwezi.”

“Kwa kukataa, utakuwa umekosa heshima?”

“Hapana, nitakuwa nimemheshimu mama.”

“Basi heshima ni kutii, au kukataa kutii?”

Darasa likacheka, mimi nikainamisha kichwa.

“Haya, ni nini basi?” baba akauliza.

“Sijui,” shangazi akasema taratibu. “Ila na wewe hukujua, siku ile uliponitupia nguo nje.”