Barua ya Magloire ya Kuomba Breki

Magloire anapopeleka chakula Stanmore hapiti Honeypot Lane. Kila mtu mwenye akili hupita huko: unatoka hapa dukani kwetu Kingsbury Road, unazunguka pale kwenye mzunguko, unanyoosha moja kwa moja hadi kwa mteja. Yeye huenda Burnt Oak, akashuka Edgware, akaibukia Stanmore kwa mlango wa nyuma, na chakula kinafika kimeanza kupoa. Wateja hulalamika kwangu, kwa sababu simu ya duka naishika mimi. Nawaambia barabara imefungwa. Mwaka mzima sasa barabara hiyo imefungwa, na wazee wa Stanmore wameanza kuniona mwongo, na wana haki.

Mimi ni Himid, mtu wa Unguja, mfungaji wa vyakula. Kazi yangu ni kujaza vibakuli vya chuma, dali, mboga, wali na chapati, kuvipanga kimoja juu ya kingine na kuvifunga kwa mkono wake wa kubebea. Tajiri wetu ni Kishor, Mhindi wa Mwanza, na mkewe Indu ndiye mwenye hesabu. Wateja ni wazee wa Kigujarati ambao watoto wao wako kazini na hawataki kula mkate wa dukani. Magloire ni Mkongo wa Bukavu, anakaa Edmonton, na huwapelekea kwa pikipiki yake mwenyewe. Nasema yake mwenyewe, kwa sababu shida yote imo humo.

Kabla yake alikuwapo Dieumerci, mtoto wa mama yake mkubwa. Dieumerci naye alikuwa na pikipiki yake. Siku moja ya mvua, mchana kweupe, taa za Honeypot Lane zikawaka nyekundu, lori lililokuwa mbele likasimama, yeye hakusimama. Breki za mbele zilikuwa zimekwisha. Mvua iliosha dali yote barabarani, lakini nasikia vile vibakuli vilizungukazunguka muda mrefu kabla ya kutulia. Sikuwapo. Ila hadi leo kikianguka kibakuli hapa jikoni, nasimama nilipo mpaka kinyamaze.

Kishor alilipa mazishi yote, jeneza, gari, maua na chakula cha matanga. Alisimama kanisani kwao Edmonton katikati ya Wakongo akiwa na koti lake la harusi, akalia kuliko baadhi ya ndugu. Kisha akafanya lile ambalo kwake ni heshima kubwa: akamwita Magloire, akampa nafasi ya ndugu yake. Mshahara uleule, njia zilezile, masharti yaleyale. Mafuta juu yako, fundi juu yako.

Nimemwona mtu huyu akigeuka mwaka huu. Alikuja na mabega mapana, anatania kila mtu. Sasa kabla ya kuondoka hubana breki, huachia, hubana tena, sikio ameliinamisha kama daktari. Akirudi hukaa juu ya gunia la mchele bila kuvua helmeti. Siku moja nilimuuliza kulikoni, akasema, “Kaka Himid, ile breki iko naongea. Iko naongea na sauti ya Dieumerci.” Nikamwambia aache ujinga, chuma hakina sauti ya mtu. Kisha nikatoka nje nikaibana mwenyewe. Ikatoa mlio mwembamba, nikarudi ndani haraka, na sikumtania tena.

“Ipeleke kwa fundi,” nikasema.

“Na nini? Mafuta inakula mshahara. Niko nalipa insurance, niko nalipa nyumba.”

“Basi mwambie tajiri.”

“Dieumerci alimwambiaka na mdomo,” akasema. “Mimi nitaandika.”

Basi tukaiandika barua palepale kwenye meza ya kufungia, baada ya duru ya mchana. Kwa Kiswahili, kwa sababu Kishor husema Kiingereza ni cha mawakili, na tukimwandikia kwa Kiingereza ataona tumeshakwenda kwa wakili. Niliitaka barua kavu: mosi, posho ya mafuta kwa kila maili ya kazi, pili, service ya pikipiki kila baada ya maili kadhaa, mafuta ya injini, mnyororo, matairi, breki, duka limlipe fundi. Kwisha. Magloire hakutaka. Kwao mkubwa haandikiwi hivyo. Akataka ianze “Baba yetu mpendwa”, akataka “mimi mtoto wako napiga magoti”, akataka “unihurumie kama mzazi”. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilimwambia, Magloire, huombi sadaka. Akasema kwa mkubwa unaingia kwa upole. Barua ni yake, shingo ni yake, nikaandika alivyotaka, na yale mambo mawili yakabaki chini kabisa, yamefunikwa na magoti.

Matokeo yake yalikuwa yale niliyoyaogopa. Kesho yake Kishor akaja jikoni, macho yamemlegea kwa huruma, barua imekunjwa mfukoni mwa shati. Akamshika Magloire bega.

“Kijana wangu, umeniita baba. Nimesoma, nimeguswa,” akasema, akatoa bahasha nyekundu, zile anazotugawia sikukuu ya Diwali. “Chukua. Weka mafuta, tengeneza pikipiki. Ikiisha, njoo tena. Mlango wangu hauna kitasa.”

Ndivyo alivyo Kishor, na namchukia kwa hilo kama ninavyompenda. Hajawahi kumnyima mtu. Lakini kila kitu kwake hutoka mfukoni, hakitoki dukani. Ukipewa kwa mfuko unashukuru, na mwezi ujao huna la kudai. Mimi mwenyewe nimekwisha shukuru mara nyingi mpaka mdomo umechoka.

Magloire aliitazama ile bahasha. Mikono yake ilibaki mgongoni.

“Patron, hapana.”

Indu, aliyekuwa anapima unga, akaweka kikombe chini.

“Hapana nini? Ni kidogo?” Kishor akauliza.

“Haiko kidogo. Dieumerci alikuombaka breki. Ulimpaka hii hii, nyekundu.”

Kishor akaondoa mkono begani. Nadhani hakuna aliyelitaja jina lile mbele yake tangu makaburini. “Nilimpa,” akasema polepole. “Alisema breki laini kidogo, nikampa palepale. Nilimpa, Indu, si ulikuwapo? Kila siku najiuliza. Pesa nilimpa. Kwa nini hakwenda kwa fundi?”

Nikaelewa kwamba hata yeye halali. Mwaka mzima tulidhani amesahau, kumbe anarudia swali moja.

Magloire akavua helmeti, mara ya kwanza kumwona akiivua ndani ya duka. Akaiweka mezani kati ya vibakuli.

“Ile pesa niko nayo hapa,” akasema. “Mimi nilikuwa nimepata makaratasi mpya ya kukaa hapa, sina kazi. Dieumerci alinilipiaka ile training ya siku moja, nipate cheti cha pikipiki. Ikabaki kidogo, akaninunulia hii helmeti. Mimi sikujua ilikuwa ya breki. Keren, bibi yake ya ndoa, aliniambiaka kisha mazishi.”

Indu akafuta unga mikononi.

“Kila siku niko navaa breki yake kwa kichwa,” Magloire akaendelea. Hakulia, na afadhali angelia. “Patron, ukinipa hii bahasha, sitaenda kwa fundi. Niko nasema kweli. Nitafika nyumbani, simu italia, mtoto wa mtu yuko hospitali Bukavu, nitatuma. Nitasema breki itangoja. Yeye hakuwa mjinga. Pesa ikiingia kwa mkono ya mtu kama sisi, ina watu tayari. Usinipe mimi. Mpe fundi.”

Kishor bado alikuwa ameshika bahasha. “Mimi nilitaka kusaidia tu.”

“Ulisaidia. Ulilipaka jeneza yake yote, hatutasahau. Mimi naomba breki.”

Kwa muda nilidhani atamfukuza. Uso wake uliiva. Kisha akavuta kiti, akaketi katikati ya njia ya jikoni, mzee mzima, akauficha uso kwa viganja. Bahasha ikaanguka chini. Ikakaa pale, na mimi nikairuka kwenda kuzima moto wa dali.

Indu ndiye aliyeichomoa barua mfukoni mwa shati la mumewe. Aliruka magoti na ubaba wote, akashuka moja kwa moja hadi chini kulipokuwa na mambo.

“Hii ndiyo ilitakiwa kuwa juu,” akasema, akanitazama mimi. “Magloire, sikia. Maili za kazi utaandika kila siku, utaniletea Ijumaa. Tutalipa peni ishirini na nne kwa maili, serikali haikati kodi hapo. Fundi ni jambo lingine. Serikali inahesabu service imo tayari ndani ya hizo peni, kwa hiyo tukimlipa fundi juu yake, itaonekana kwenye payslip yako na itakatwa kodi. Hiyo kodi tutaiongeza sisi, isikuguse. Pritesh wa gereji ataleta bili kwangu, si kwako. Na hupandi pikipiki hiyo leo.”

“Ndiyo, madame.”

“Na maili nitazilinganisha na ramani.” Akasita. “Stanmore utaandika ngapi?”

Magloire akainamisha kichwa. “Naweza kuandika za Honeypot, madame. Zile zingine ni za kwangu.”

“Andika unazopita,” Indu akasema, akarudi kwenye unga wake. Mama yule hana maneno mengi ya upole, na hapo ndipo macho yangu yalipoloana, si kwingine.

Chakula cha jioni tulikipeleka kwa gari la Kishor, mimi nimekumbatia vibakuli nyuma. Lakini kwanza Kishor alisimama, akafuta uso, akampigia Pritesh mwenyewe. Aliweka simu juu ya meza, sauti wazi, ili Magloire asikie kwamba si maneno ya kumridhisha.

“Breki zote, mbele na nyuma,” Kishor akasema. “Matairi angalia, mnyororo angalia. Bili kwa duka. Kila mara, si leo tu.”

“Sawa, uncle. Nafungua akaunti,” Pritesh akasema, na tukasikia anavyobofya kompyuta. “Jina la rider?”

“Dieumerci,” Kishor akasema.

Alilisema bila kufikiri, kama unavyomjibu mtu jina la mwanao. Kisha akasikia alichosema. Mkono wake ukaenda kwenye simu, ukarudi. Upande wa pili Pritesh alikuwa ameacha kubofya, maana naye alikuwapo kanisani siku ya mazishi.

Magloire aliinamia simu, mikono miwili juu ya meza.

“Pritesh, andika Magloire,” akasema, akaanza kumtajia herufi moja moja, taratibu, na kila herufi Kishor aliirudia baada yake kwa sauti ya chini.