Oda Niliyoiita Mara Mbili

Mpaka hapa nilipofika, bila cheti chenyewe, mambo haya yamenigharimu ada ya wiki sita, aproni mbili nyeupe, nauli ya bodaboda kutoka Omurushaka kila asubuhi ya kazi, na viatu vyeusi vya soli isiyoteleza. Viatu nilipatana bei mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka aniongezee na miguu. Ada haikupatanika. Nilijaribu.

Sikwenda chuo cha upishi kwa kupenda. Napikia loji moja pale Omurushaka tangu ilipokuwa na vyumba vinne, na ndizi na nyama zote za jiko lile nazinunua mimi. Sasa vyumba ni kumi na sita, na kuna ukumbi wa semina. Siku moja mama mwenye loji akaja hadi kwenye sufuria zangu, jambo asilolifanya akiwa na furaha.

"Wageni wa semina wananiuliza mpishi wangu kasomea wapi," akasema. "Niwajibu nini? Sokoni?"

"Wajibu wameshiba, mama."

"Ukirudi na cheti cha jikoni, jiko ni lako. Ukirudi bila cheti, naleta mtu kutoka Bukoba."

Nikaomba anipe mwaka. Akanipa kozi ya wiki sita. Tangu hapo sikukaa kitini nikatulia. Hata kanisani nilikuwa natikisa goti mpaka mke wangu analikandamiza kwa kiganja.

Mwalimu wetu alichora jiko kama jeshi. Juu yuko mpishi mkuu. Chini yake msaidizi, ambaye ndiye anashika jiko mkuu asipokuwepo. Kisha kila mmoja na kituo chake: wa sosi, wa nyama za kuchoma, wa mboga, wa vyakula baridi, wa keki na mikate. Chini kabisa yuko komi, mwanafunzi wa kituo, anayemenya na kutumwa. Mimi kule loji nilikuwa jeshi zima, pamoja na farasi. Sikuona mtu wa kumpigia saluti.

Halafu kuna mwita oda. Huyu anasimama kwenye dirisha kati ya jiko na ukumbi. Mhudumu anamletea karatasi ya oda, yeye anaisoma kwa sauti, vituo vinaitikia, na chakula kikitoka anakikagua kabla hakijaenda mezani. Nilipomsikia huyo nikajua hapo ndipo pangu. Nina sauti ya mnada.

Mtihani wa kuandika ulikuwa asubuhi. Nilijibu, nikapitia tena mara ya pili, na sikuona kosa. Mchana ukaja wa vitendo. Tukachota vikaratasi vya kazi kwenye bakuli. Mimi nikachota mpishi wa mboga. Kazi ya mwita oda ikaangukia kwa dada mmoja anayepika kwenye mgahawa karibu na hospitali ya Nyakahanga, mtu wa sauti ndogo, akakiangalia kikaratasi kama kimemtukana.

"Tubadilishane, dada," nikamwambia.

"Unaniongezea nini?"

"Nikuongezee nini tena? Si nakuokoa na aibu?"

"Basi bakia na mboga zako, kaka."

Nikaongeza soda. Akataka na sambusa; tukaishia kwenye soda. Mwalimu akakubali mabadilishano, akayaandika, na akatuonya kwamba kila mtu atapewa alama za kazi aliyoifanya.

Meza zilikuwa mbili, kila moja watu wanne, na zingeingia kwa kupishana nusu saa. Ya kwanza ingehudumiwa kwa sahani: chakula kinapangwa jikoni, mhudumu anakileta na kukiweka kutoka kulia kwa mgeni. Ya pili ingehudumiwa kwa sinia: mhudumu anasimama kushoto kwa mgeni, sinia juu ya mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia anapakua kwa kijiko na uma. Vipande vya kuku kwa jumla vilikuwa vinane. Nilivihesabu. Nikavihesabu tena.

Oda ya kwanza ikafika. Nikavuta pumzi.

"Meza ya kwanza! Kuku wanne, ndizi nne, mboga nne!"

"Sawa!" vituo vikaitikia.

Sasa mimi, kwa miaka yangu yote ya sokoni, sijawahi kutaja hesabu mara moja. Ukinunua ebitoke, ndizi zetu za kupika, unahesabu mikungu ikiwa chini, unahesabu tena ikipanda garini, la sivyo utafika nyumbani na mkungu pungufu. Nikakazia.

"Kuku wanne, ndizi nne, mboga nne!"

"Sawa!" Safari hii wakaitikia kwa nguvu zaidi. Nikajisifu moyoni: hawa wananiheshimu.

Baada ya dakika chache zikaanza kupanda dirishani sahani. Nne. Tano. Sita. Nane. Nikazihesabu tena.

"Hizi nyingine za nani?" nikauliza.

Mpishi mkuu wa siku hiyo alikuwa bwana mmoja wa darasa letu kutoka Kyerwa, mtoto wa wafugaji, mpole hadi unamwonea huruma. Siku ile hakuwa mpole.

"Za kwako! Umeita nne, ukaita nne. Sisi tukajua meza zote mbili zimeingia."

"Nilikuwa nakazia, mkuu."

"Hapa hakuna kukazia! Wewe unaita mara moja, kituo kinaitikia, basi. Ukirudia wewe, hiyo ni oda nyingine."

Nikafungua mdomo nipatane naye. Hakuna cha kupatana na kuku aliyekwishakaangwa. Msimamizi wa mtihani alikuwa ameegemea mlango, kalamu ikitembea.

Sahani nne zikaenda mezani. Nne zikabaki dirishani, mboga zikinyauka, kuku wakipoteza mvuke. Mpishi mkuu akaagiza vile vipande vinne virudishwe kwenye sosi, moto mdogo, na mboga zipikwe upya. Kisha akanishika bega.

"Toka dirishani. Dada wa mboga ataita. Msaidizi wangu atashika mboga. Wewe nenda ukahudumie meza ya pili, huko hutakiwi kupiga kelele."

Dada akasogea dirishani, akanong'ona, "Na soda yangu iko palepale."

Nikabeba sinia. Vipande vinne, watu wanne. Mgeni wa kwanza alikuwa mzee mstaafu aliyealikwa kuwa mlaji. Nikamwamkia shikamoo, nikasimama kushoto kwake. Akanigeukia.

"Marahaba. Mbona unanijia upande wa kushoto? Kwetu chakula hakitolewi huko."

"Nimesimama kushoto, babu, lakini mkono unaokupa ni wa kulia."

Akautazama mkono. Akacheka, akaegemea nyuma, nami nikampakulia. Kila kipande kilipoondoka nilijua vimebaki vingapi. Hakuna aliyepata zaidi, hakuna tone la sosi kwenye kitambaa.

Jioni msimamizi akaniita. Maandishi nimefaulu. Kuita oda nimeanguka, na kwa sababu ndiyo kazi niliyoiomba mwenyewe, cheti cha jikoni hakitoki mpaka niirudie na kundi lijalo, miezi mitatu kutoka sasa. Ila mezani nimepata alama za juu kuliko wote.

"Ukitaka cheti cha uhudumu," akasema, "unaondoka nacho wiki hii."

Niliomba anipe vyote viwili palepale. Akaniambia nenda nyumbani.

Kazi ya uhudumu pale loji imeshajaa wapwa wa mama mwenye loji, na mtu wa Bukoba hatangoja miezi mitatu. Nikiwa na cheti cha uhudumu mkononi, naweza kumwomba mama aniache jikoni hadi nirudie ile kazi, au atasema huo ndio ushahidi kwamba mahali pangu ni ukumbini. Nikikikataa, narudi mikono mitupu. Kesho asubuhi natakiwa kutoa jibu chuoni. Wewe uliyewahi kusimama kwenye dirisha la jiko, au uliyewahi kuajiri mpishi, nishauri: nikichukue hiki, au nisubiri kile?