Ndagala Zilizodondoka

Kwa miaka miwili nilimwambia mama mmoja wa mtaa wa Kigobe kwamba paka wake ana maringo. Paka alikuwa akiichukua ndagala kavu, kisamaki kidogo cha ziwani, anaitafuna upande mmoja, kisha anaidondosha na kurudi nyuma kana kwamba imemuuma. Mimi, daktari wa mifugo, nilimulika kinywa kwa tochi, nikakwangua ukoga, nikasema, "Meno mazima. Unamudekeza, mama."

Tulipopata mashine ya kupiga picha za meno, paka huyo ndiye wa kwanza tuliyemlaza kwa dawa ya usingizi. Juu ya ufizi, jino moja la upande asiotafunia lilikuwa jeupe, na kidoa kimoja chekundu ukingoni ambacho sikuwahi kukijali. Kwenye picha, chini ya ufizi, mzizi ulikuwa umeliwa matundu matundu. Mwili wa paka ulikuwa unalila jino lake wenyewe.

Nikamwita mama aone.

"Dokta, si muzibe tu?"

"Apana, mama. Hata nikiziba, litaendelea kuliwa kwa ndani, na maumivu yatabaki. Dawa yake ni kuling'oa."

Nililing'oa. Wiki mbili baadaye mama alirudi anacheka: paka anamaliza sahani. Nikacheka naye, kwa aibu.

Kabatini nina kadi za paka wote niliowapima kwa tochi ile. Kila moja ina mwandiko wangu: meno mazima. Wengi wamekwisha kufa. Kliniki ikitulia, nasikia ndagala zao zikidondoka sakafuni, moja moja.