Kikaango Kisichotoa Moshi

Wifi yangu anauza vyombo vya kupikia, na ukinunua kwake sufuria moja huenda usirudi tena maishani, maana haitaharibika. Nimemwambia hiyo si biashara. Hanisikii. Wateja wanamwita Mama Gonga kwa sababu hauzi chombo kabla ya kukigonga kwa kifundo cha kidole na kuinamisha sikio. Chepesi hulia, kinene hujibu kwa sauti nzito. Mimi ni mke wa kaka yake, na wifi hamsifii wifi bure, lakini katika mambo ya masufuria sijaona wa kumshinda.

Ana maswali matatu, na hakuna anayetoka na chombo bila kuyajibu. Unapika nini? Unapikia moto gani? Nani ataosha? Ukimwambia unataka kile kinachong'aa kwa sababu jirani anacho, atakuacha usimame hapo mpaka ukumbuke kilichokuleta.

Nimekaa dukani kwake mara nyingi nikinywa chai yake ya bure, nimeona mengi. Alikuja mwenye mkahawa akitaka masufuria mazito kabisa ya kuchemshia wali, akidhani uzito ndio ubora. Akauziwa ya alumini, mepesi, yanayopata moto upesi na kuusambaza, hata mpishi aliyechoka anayaweza. Ila akaonywa asiyapikie mchuzi wa nyanya wala kitu cha ndimu kwa muda mrefu, kwa kuwa uchachu unaila alumini, mchuzi ukapata ladha ya chuma na sufuria ikabadilika rangi. Kwa hayo akapewa moja ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Siku nyingine kijana mmoja mwenye misuli alinyimwa kikaango cha nonstiki, vile vyenye utando mweusi usioshika chakula, kwa sababu alisema anapenda kukausha nyama kwa moto mkali na kuigeuza kwa uma wa chuma. Wifi alimpa stenlesi yenye kitako kinene, akamwambia aipashe kwanza, atie mafuta, na nyama asiibandue kwa nguvu. Ikiiva upande itaachia yenyewe. Nonstiki, alisema, ni ya mayai na moto wa upole na mwiko wa mbao. Mtu mwenye papara asiiguse.

Basi ungetarajia mtu kama huyo asikosee nyumbani kwao. Lakini mganga hajigangi.

Mama yao, mama mkwe wangu, anakaa peke yake katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Jikoni mwake mna dirisha moja, meza, jiko la gesi la plate mbili, na wakati ule palikuwa na kizimba cha chiriku kwenye kona. Ndege yule alimfuga tangu alipofiwa. Alizungumza naye kuliko alivyozungumza na sisi, na kwa kweli ndege alikuwa msikilizaji mzuri kuliko mume wangu.

Kwa miaka mingi mama alikaangia kwenye kikaango kimoja cha chuma cha kusubu, kile kizito cheusi kinachomiminwa kiwandani kikiwa kipande kimoja pamoja na mkono wake. Kilikuwa kimekunywa mafuta mpaka kikalainika kama jiwe la mtoni. Lakini viganja vya mama vilianza kuvimba maungio, na asubuhi moja kikaango kilimponyoka. Kilipasua kigae cha sakafu, karibu kabisa na vidole vyake vya mguu.

Mume wangu alisema imetosha. Yeye ni mtu wa bima. Kila anachokitazama anakiona kimeshaungua. Aliamua mama ahamie kwetu, chumba cha ghorofani, na hatagusa jiko tena. Nitasema ukweli: sikufurahi. Sina ugomvi na mama mkwe, ila mafahali wawili hawakai zizi moja, na jikoni kwangu ni zizi dogo. Zaidi ya hapo nilimtazama mama alipoambiwa hatapika tena. Hakubisha. Alifuta meza iliyokuwa safi, akaifuta tena. Niliumia kumwona vile.

Wifi ndiye aliyemtetea. Aliomba apewe nafasi abadilishe vyombo, na wakakubaliana yeye na kaka yake mbele yangu: litokee jambo moja tu jingine jikoni mle, mama anahama. Kesho yake alibeba kikaango kizito akakificha chini ya kaunta ya duka, na badala yake akampelekea mama kikaango cha nonstiki, chepesi kuliko sahani. Viganja vinauma, basi chombo chepesi. Hakuuliza swali hata moja kati ya yale matatu. Aliona anamjua mama yake.

Mama alishukuru, kama mtu anavyoshukuru gauni lisilomtosha.

Lile jambo moja halikukawia. Mume wangu alipita kwa mama akakuta madirisha yamefunguliwa yote, mama anakohoa, jikoni harufu kali ya ajabu, kikaango kipya kimebabuka katikati, na chiriku amelala chini ya kizimba, miguu juu. Akanipigia simu nije na masanduku. Wifi naye alipigiwa, si kuombwa ushauri, bali kuarifiwa. Alifika bado amevaa aproni ya duka.

Mume wangu alikuwa ameshaandaa hukumu. Mama alisahau kikaango motoni, umri umefika, leo ni ndege, kesho atakuwa yeye. Na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeogopa kweli, sitamcheka kwa hilo. Mama alikuwa kwenye kiti na kizimba magotini.

"Sikusahau," alisema. "Nilikuwa nimesimama pale pale."

Mume wangu akapita chumba cha kulala, ambacho mlango wake unafungukia jikoni, akaanza kukunja nguo za mama. Wazee wote husema hawakusahau. Hata mimi, nisidanganye, niliamini amesahau.

Wifi alichukua kikaango. Safari hii hakukigonga. Alipitisha kidole kwenye utando uliobabuka, akanusa, akamtazama ndege. Kisha akavuta kiti akaketi mbele ya mama yake, magoti kwa magoti, na nikamsikia akiuliza kwa sauti ile ile ya dukani, ila imeshuka.

"Mama, unapika nini? Na unaanzaje?"

Mama akainuka kumwonyesha. Alichukua sufuria kuukuu, akaiweka jikoni bila kuwasha, akasimulia kwa mikono. Anakaanga vitunguu. Anawasha moto mkubwa, anaweka kikaango kikavu, anasubiri. Chuma kile kizito kinachelewa kupata moto, lakini kikishaupata hakiuachi. Kikitoa uzi wa moshi, ndipo anatia mafuta na vitunguu. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Na hiki kipya alikifanyia hivyo hivyo.

"Nikangoja moshi," alisema. "Haukuja. Nikangoja tena."

Wifi alifumba macho. Akatueleza, kaka yake zaidi, akiwa amemwomba aache kwanza hizo nguo. Kikaango cha chuma kinatoa moshi kwa sababu kimekunywa mafuta; ni yale mafuta yanayofuka. Kipya hakina mafuta ya kufuka, kwa hiyo ishara ya mama isingekuja kwa wakati. Nacho ni chepesi, kinapanda moto upesi mno. Nonstiki haiwekwi tupu juu ya moto mkali. Utando wake ukipita kiasi unaharibika na kutoa hewa mbaya. Mtu atakohoa na kubanwa kifua. Ndege anakufa, maana mapafu yake hayahimili kabisa. Mama hakusahau kitu. Alikumbuka kila hatua, sawasawa kama alivyofundishwa, kwenye chombo kisichokuwa chake.

"Mteja wa barabarani nisingemuuzia hiki," wifi alisema. "Mama yangu nilimletea bila kuuliza."

Alilia kidogo. Mama akampa kitambaa cha meza ajifute, hakumwambia pole wala hakumlaumu, na mume wangu akabaki ameshika blauzi moja asijue aiweke sandukuni au kabatini.

Lakini mtu wa bima ni mtu wa bima. Akauliza: sawa, hakusahau, je viganja? Kile chuma kitamponyoka tena. Swali lilikuwa la haki.

Wifi akatoka, akaenda dukani, akarudi na kikaango kizito kwenye kapu. Tulikuwa bado tumekaa kama tulivyokuwa. Akakiweka juu ya plate ya nyuma, akasema hapo ndipo nyumbani kwake. Hakinyanyuliwi. Vitunguu vinachotwa kwa upawa, nyama inatolewa kwa koleo. Wali na maji ya chai mama atumie sufuria zake ndogo za alumini, hazimlemei. Nyanya zake apikie kwenye stenlesi yenye mikono miwili aliyonayo tangu zamani, maana hata chuma, nyanya zikikaa humo muda mrefu zinakivua mafuta yake. Kile cha nonstiki kitupwe. Utando ukishababuka hakifai tena hata kwa yai.

Alikuwa anaongea upesi, kama mtu anayemwahi mteja asiondoke. Mume wangu alikuwa anasikiliza kila neno. Nikaona blauzi imerudi kabatini, sijui aliirudisha saa ngapi.

Ndipo wifi akafika kwenye swali la tatu, na akasita, kwa kuwa lilikuwa na tatizo. Chuma kile hakiachwi na maji. Lazima kinyanyuliwe, kisuguliwe, kikaushwe motoni, kipakwe mafuta mepesi, la sivyo kutu. Mama hawezi kukinyanyua.

"Nani ataosha, mama?"

Mama alikuwa anafunga mlango mdogo wa kizimba, ingawa hapakuwa na wa kutoka. Hakuinua macho.

"Hilo ndilo nililokuwa nangoja uniulize," alisema. "Wewe. Uje kila ukifunga duka. Huyu aliyekuwa ananisikiliza jioni amekufa."

Mume wangu alirudi chumbani akasukuma sanduku chini ya kitanda kwa mguu. Wifi alivua aproni ya duka, akavaa ya mama iliyokuwa imetundikwa nyuma ya mlango, akawasha plate ya nyuma moto wa kati. Mama akaanza kumenya kitunguu. Wakasimama wote wawili, bega kwa bega, wakingoja moshi.