Maanguko Yasiyoandikwa

Nilikuwa msaidizi wa wauguzi katika wodi ya wanaume, Bujumbura, miaka ile ya vita. Shule yangu iliishia njiani, lakini mwandiko wangu ulisomeka, ndiyo maana muuguzi mkuu alinipa kalamu.

Alikuwa anaandika pendekezo kwa daktari mkurugenzi: kupunguza wagonjwa wanaoanguka. Walianguka hasa jioni, ndugu zao wa kuwalinda walipoondoka mapema kuwahi amri ya kutotembea usiku. Mgonjwa alibaki peke yake, akishuka kitandani kutafuta choo. Muuguzi mkuu alitaka kila anayeingia apimwe hatari yake: ameshawahi kuanguka? Anatumia dawa ya usingizi? Anatembea akishikwa? Halafu msaidizi azunguke kabla ndugu hawajaondoka, ampeleke kila mmoja chooni, chombo cha mkojo kikae karibu na mkono. Tungejaribu chumba kimoja kwanza.

Kazi yangu ilikuwa ukaguzi. Wiki nne kabla ya kubadilisha chochote, wiki nne baadaye, fomu ile ile: saa, mahali, alikuwa anafanya nini, ameumia? Idadi ya maanguko tungeigawanya kwa jumla ya siku walizolala wagonjwa wote, ili wiki iliyojaa isilinganishwe vibaya na wiki tupu.

Katika daftari la zamani nilikuta maanguko mawili tu kwa miezi mitatu. Nilifurahi sana. Niliona wodi yetu inapigiwa makofi.

“Mawili?” Muuguzi mkuu alicheka. “We unaamini hiyo? Uliza ndugu wanaolinda wagonjwa, kitanda kwa kitanda.”

Walitaja tisa. La kumi nililijua mimi. Mzee wa kitanda cha dirishani alikuwa ameanguka mbele yangu. Nikamwinua mbio mbio, kabla ya kumwangalia kichwa wala nyonga, naye akanisihi: “Mutoto wangu, usiandike. Binti yangu akijua, atachelewa kurudi nyumbani, na njia ya usiku ni mubaya.” Sikuandika.

Nikamwambia muuguzi mkuu, nikisubiri kufukuzwa.

“Siku ingine umuache chini, uniite kwanza,” alisema. “Na hilo uliandike.”

“Docta ataona wodi imeharibika. Atakataa.”

“Aone.”

Mkurugenzi alisoma akiwa amesimama. “Mama, kutoka mawili mpaka kumi? Nikupe vyombo na mtu wa ziada kwa kuangusha watu?”

“Apana, Docta. Walikuwa wanaanguka. Sisi ndiyo tulikuwa tunanyamaza. Tukianza na mawili, halafu tuandike yote, hata kazi ikienda vizuri utaona imeshindwa.”

Aligeuza ukurasa wa ukaguzi, akauliza nani ataandika. Nikainua mkono. Akatia sahihi: chumba kimoja, wiki nne kabla na nne baadaye, asiadhibiwe mtu anayeandika.

Zamu za choo zilipoanza baada ya wiki nne za kuhesabu, mzee, aliyejua nimeandika anguko lake, alinigeuzia mgongo siku mbili. Ya tatu, nilipopita na zamu ya choo, binti yake akiwa bado anafunga kanga aondoke, alininyooshea mkono.

“Haya, mwandishi. Nishike.”