Vifundo Nilivyovifunga Vitambaa

Vifundo vya mikono ya binti yangu vilipovimba, mimi mjinga nilidhani ameteguka, yote miwili kwa mpigo! Nikavifunga vitambaa mwezi mzima. Mimi ni mtu wa kukaa ndani, na yeye nilimfungia ndani asiungue jua la Mahajanga, huku pwani ya Madagaska.

Uvimbe ulipokataa kupungua nikampeleka hospitali, na daktari akainua picha ya eksirei mwangani. "Tazama, mama. Ncha za mifupa zimebonyea kama kisosi, kingo zimechakaa kama mkeka mkuukuu, na nafasi ya kukulia mfupa imepanuka. Hakuteguka. Ni matege, ugonjwa wa mifupa laini; amekosa jua."

"Miguu itanyooka?" niliuliza, maana nayo ilikuwa imeanza kupinda.

"Tukianza dawa sasa, huenda."

Hiyo "huenda" niliibeba hadi nyumbani. Jirani yangu Mkomoro hakunipa hata pole: "Wewe kaa ndani uoze, dada, lakini mtoto mtoe nje!"